Mapengo Aliyoyaziba Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akiingia jikoni kwetu akakuta vijiko vimechanganyika na uma, anavipanga kwanza ndipo anasalimia. Mke wangu humwambia, "Wewe, salamu ni bure, vijiko havikimbii." Shemeji anacheka, anamaliza kupanga, kisha ndiyo anatupa mkono. Ana tabia hiyo tangu utotoni, na mimi sijawahi kuiona kuwa kasoro, isipokuwa siku anapoanza kunipangia viatu vyangu.

Kazini walimwita Bi Namba. Ni duka kubwa la vifaa vya ujenzi: mbele kuna kaunta na kompyuta mbili, katikati ofisi ya vioo ambamo Tajiri hukaa akiona kila mtu, na nyuma kabisa stoo, na stoo ndiyo himaya yangu. Mabati, misumari, mabomba, rangi, vyote hupita mkononi mwangu. Shemeji alikuwa pale kabla yangu, na ni yeye aliyeniombea kazi. Hilo lilijulikana na kila mtu, hata madereva wa malori wakitaka kunichokoza huniuliza, "Vipi, umeshaomba ruhusa kwa shemeji yako?"

Kazi yake ilikuwa ankara. Kila mzigo unaouzwa hutolewa ankara, na kila ankara ina namba yake, na namba hizo hufuatana bila kuruka wala kurudiwa. Mtu asiyejua huona ni upuuzi. Shemeji alikuwa akimfafanulia kila mfanyakazi mpya, na kidole juu kama mwalimu wa darasa la kwanza: namba ikirudiwa, mauzo mawili yamevaa jina moja, hujui lipi ni lipi. Namba ikikosekana, mkaguzi atauliza ankara hiyo iko wapi, na kama huna jibu atajijibu mwenyewe kwamba kuna mauzo yamefichwa.

Alijifunzia kazi kwenye vitabu vya karatasi, vile vya nakala, ambavyo namba zimechapwa kiwandani. Ukikosea hukuchana. Ulipiga mistari miwili, ukaandika "imebatilishwa," ukabana karatasi ya mteja pamoja na nakala, ukaiacha humo humo kitabuni ili atakayekuja aione. Kwa miaka yote hiyo hakuna namba iliyopita mikononi mwake ikakosa karatasi. Alijivunia jambo hilo kuliko mshahara, na kwa mshahara ule ilikuwa afadhali ajivunie kitu kingine.

Kisha ukaja mfumo wa kompyuta. Aliyeutengeneza tulimwita Fundi, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayezungumza na skrini kuliko na watu. Mfumo ulitoa namba wenyewe, na Shemeji akaupenda mara moja. Hata kufuta ulikataa. Nakumbuka siku mwenzake wa kaunta, yule tuliyemwita Kiredio kwa sababu hazimwi, alipoandika mabati thelathini badala ya ishirini, ankara ikiwa tayari imetoka na mteja ameibeba.

"Bi Namba, nifutie hii haraka, jamaa yuko njiani anarudi," Kiredio alisema.

"Ankara ikishatoka haifutwi. Hata mimi siwezi."

"Sasa nifanyeje, nijinyonge?"

"Ujinyonge kwa mabati kumi? Toa kredit noti."

Akamkalisha, akamwonyesha. Kredit noti ni hati inayotengua ankara, yote au sehemu yake. Ina mfululizo wa namba zake yenyewe, lakini lazima itaje namba ya ankara inayoirekebisha na sababu ya kurekebisha. Kama kuna mzigo uliorudi, lazima iende na sahihi yangu ya stoo kwamba mzigo nimeupokea. Kosa linabaki pale pale linaonekana, na marekebisho yanakaa pembeni yake. Walitengua ankara nzima ya mabati thelathini, wakatoa mpya ya ishirini. Mimi nikaandika kwamba hakuna mzigo uliorudi kwa kuwa kumi hayakuwahi kutoka. Kiredio akasema kumbe hata ndoa ingekuwa na kredit noti watu wangepona. Tukacheka sana siku ile.

Mapengo aliyagundua Shemeji mwenyewe. Alikuwa akichapa orodha ya mwezi, akaona namba moja haipo. Akadhani macho. Akarudia miezi ya nyuma, akaona nyingine, na nyingine. Hazikuwa nyingi, lakini kwake hata moja ilikuwa msiba. Alimpigia Fundi, na Fundi akaja kesho yake, akachungulia, akakuna kichwa.

"Ni kosa langu la kuunda," alisema. "Mfumo unachukua namba pale mtu anapofungua fomu ya ankara. Umeme ukikatika hapo, au mteja akighairi mkaifunga fomu, ankara haipo lakini namba imeshakwenda. Nitabadilisha. Namba itachukuliwa mwisho, mtu akibonyeza 'Toa.' Kuhifadhi ankara na kusogeza namba vitakuwa kitu kimoja: vyote vikubali au vyote vigome. Na wawili wakibonyeza pamoja, mmoja atasubiri mwenzake amalize. Rasimu haitakuwa na namba kabisa."

"Na yaliyopita?"

"Yaliyopita yaache kama yalivyo. Mfumo una kumbukumbu, mstari mmoja kwa kila namba. Hizi zilizokosekana zimeandikwa 'ilifunguliwa, haikutolewa,' na tarehe na saa. Mkaguzi akiuliza, mwonyeshe hiyo."

Fundi akasema atarudi na marekebisho akimaliza kazi nyingine mahali pengine, na akaenda zake, na ile kazi nyingine ikamla wiki baada ya wiki.

Katikati ya kungoja huko, Tajiri akatangaziwa kwamba watu wa kodi watapita. Tajiri si mtu mbaya. Ni mwoga tu, na mwoga mwenye duka anapiga kelele kuliko mbaya. Alisimama mlangoni pa ofisi yake ya vioo akasema mbele yetu sote, "Sitaki kuona pengo hata moja kwenye zile ankara. Hata moja! Bi Namba, umenisikia?"

Shemeji akasema amesikia. Nilimwona uso ulivyomshuka. Jioni alipita kwetu, akapanga vijiko, kisha akavipanga tena.

"Fundi si amekwambia kumbukumbu ipo?" nilimuuliza.

"Shemeji, kumbukumbu iko kwenye skrini. Kwenye faili hakuna kitu. Mtu anafungua faili, anatoka namba moja anaruka nyingine, mimi nimwekee nini pale katikati? Hewa?"

"Mwekee karatasi uandike umeme ulikatika."

"Karatasi niliyoiandika mwenyewe? Hata wewe usingeniamini."

Ningemwamini, na nilimwambia hivyo. Akasema mimi sihesabiki.

Mfumo ulikuwa na ukurasa mmoja ambao yeye peke yake kule kaunta aliruhusiwa kuufungua. Uliwekwa kwa ajili ya siku ya kwanza, kuuambia mfumo uanzie namba ipi. Ulikuwa na kisanduku kilichoandikwa "namba inayofuata." Shemeji akauona mlango wake hapo. Saa za chakula, wengine wakiwa wametoka, alikuwa akirudisha kisanduku kile nyuma hadi namba iliyokosekana, anatoa ankara kwa "mteja wa kaunta," kisha anakirudisha mbele kilipokuwa. Mfumo ulikataa ankara isiyo na bidhaa, kwa hiyo alichagua kitu kidogo kuliko vyote dukani, pakiti moja ya misumari ya mabati. Halafu, kwa sababu misumari haikuuzwa na hakutaka kudanganya mtu, alitoa kredit noti ya kuitengua ile ankara. Misumari ikatoka kwenye mfumo na kurudi. Alichapa zote mbili, akazibana kwa pini, akazipanga kwenye faili mahali pake. Kila namba ikapata karatasi. Kwake ilikuwa ndiyo ile mistari miwili na neno "imebatilishwa."

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakumwambia mtu. Mimi nilijua wakati kila mtu alipojua, na nikiwaza nilivyokuwa nikila ugali wangu nyuma ya marundo ya mabomba huku yeye mbele anajichimbia shimo kwa unadhifu wake, hasira hunipanda hadi leo. Ningemfungia nje ya kaunta kwa kufuli.

Siku moja Kiredio alirudi mapema kutoka kula. Mkandarasi alikuwa kaunta, ana lori nje na haraka kichwani, anataka mabati ya shule nzima. Kiredio akamtolea ankara kwenye kompyuta ya pili. Shemeji alikuwa ndiyo kwanza amerudisha namba nyuma kwenye kompyuta ile nyingine. Mabati ya mkandarasi yakachukua namba ya miezi mitatu iliyopita. Shemeji alipobonyeza ya kwake, mfumo ukamletea namba ya mbele yake ambayo ilishatumika, ukagoma kwa sababu namba haiwezi kutoka mara mbili. Akakirudisha kisanduku mbele haraka haraka. Alipoona kwamba lile pengo sasa lina mauzo ya kweli, tena makubwa, yaliyolipwa, alishukuru Mungu kwamba limejiziba lenyewe. Ndivyo alivyotueleza baadaye, neno kwa neno, na mke wangu akashika kichwa.

Aliyempigia Tajiri simu ni mhasibu wa mkandarasi. Alisema kwa adabu kabisa: ankara yenu ina tarehe ya juzi na namba ya msimu uliopita, naomba maelezo. Tajiri akaita mkaguzi wake, yule anayemkagulia vitabu kila mwaka, aje kabla watu wa kodi hawajafika. Mkaguzi alikuja na mkoba mwembamba na sauti ya chini. Alifungua faili la Shemeji lililopangika vizuri kuliko mafaili yote aliyowahi kuyaona, alisema hivyo mwenyewe, na akaanza kuvuta karatasi za misumari, moja baada ya nyingine, akazilaza mezani.

Niliitwa kutoka stoo. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani. Fundi alikuwa amesimama pembeni. Alikuwa amekuja siku hiyo hiyo na marekebisho yake.

"Wewe ndiye wa stoo," mkaguzi alisema. "Hizi kredit noti zinasema misumari ilirudi. Ulipokea misumari hii?"

Nilimtazama Shemeji. Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Nakiri sina haya kwa hilo. Ningesema ndiyo na ningetia sahihi pale pale. Yeye akanitikisia kichwa kunikataza.

"Sema kweli, Shemeji," alisema. "Hujapokea."

"Sijapokea," nikasema. "Lakini haikutoka pia. Misumari yangu nimeihesabu, mabati nimeyahesabu, kila kitu stoo kinalingana na mfumo. Hakuna kilichopotea hata kimoja. Njoo uhesabu mwenyewe."

"Leo vinalingana," mkaguzi alisema. "Miezi ile, anayesema vililingana ni wewe." Akamgeukia Tajiri. "Huyu ni nani yake?"

"Ni shemeji yake," Tajiri akajibu. "Yeye ndiye aliyemleta kazini."

Mkaguzi akaandika kitu. Sikuhitaji kukisoma. Neno langu lililomuumiza liliaminika lote, na lile la kumtetea likaishia kwenye undugu.

Shemeji akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyoeleza siku zote. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja.

"Mama, nakusikia," alisema. "Ila tazama ninachokiona mimi. Namba ya zamani, ndani yake kuna pakiti ya misumari, imetolewa juzi kwa jina lako, imetenguliwa kwa jina lako, mteja hana jina, mzigo haukurudi. Mtu akiuza mabati, akachukua fedha, akaondoa ankara na kuweka misumari mahali pake, karatasi zake zingekuwa hivi hivi. Nitatofautishaje?"

"Kumbukumbu," Shemeji akasema, akamgeukia Fundi. "Si uliniambia kuna mstari kwa kila namba? Mwonyeshe. 'Ilifunguliwa, haikutolewa.' Mwonyeshe, Fundi."

Fundi alivua miwani. Akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

"Ni mstari mmoja tu kwa kila namba," alisema. "Ulipoitoa ankara ya misumari, mstari ukabadilika. Sasa zote zinasema 'imetolewa.' Ya zamani imeandikwa juu yake. Nilipaswa kuuacha wa kwanza na kuongeza wa pili. Sikufanya hivyo."

"Nakala za akiba je?" Tajiri aliuliza.

"Diski yenu ya akiba inajiandika upya kila wiki. Nimeshaangalia." Kisha akamwambia Shemeji, polepole, na nilimchukia kwa kusema na nilijua anasema kweli: "Yale mapengo ndiyo yaliyokuwa ushahidi wako, dada. Ungeyaacha wazi."

Shemeji hakulia. Alitazama karatasi zilizolala mezani nje ya mpangilio, na nikaona kidole chake kinasogea, anataka kuzipanga.

Mkaguzi akasema ankara ya mkandarasi lazima irekebishwe, na irekebishwe ipasavyo. Fundi akaweka mfumo wake mpya mchana ule, akauondoa kabisa ukurasa wenye kile kisanduku. Tajiri akamwambia Shemeji amalizie hilo moja, mkaguzi akiwa amesimama nyuma yake. Akatoa kredit noti ya kutengua ankara yenye namba mbovu, akataja namba yake, akaandika sababu: namba na tarehe hazifuatani. Sehemu ya mzigo akaandika haujarudi, maana mabati yalikuwa tayari juu ya paa la shule. Kisha akajaza ankara mpya. Sehemu ya namba ilikuwa tupu. Akabonyeza "Toa," na namba ikaja, ile ile inayofuata ya mwisho, haikuruka.

"Imekaa vizuri," alimwambia Fundi. Ndiyo kazi yake ya mwisho pale.

Tajiri hakumpeleka polisi. Alimwita kando akasema anamhurumia, aondoke kimya kimya, na aandike kwamba ameacha mwenyewe. Shemeji akasema hawezi kuandika jambo ambalo halikutokea. Basi akafukuzwa, na alipokwenda kuomba kazi kwingine, wote waliopiga simu kuulizia walijibiwa na Tajiri kwa ile sauti ya huruma, ambayo ni mbaya kuliko matusi. Maduka ya vifaa katika mji mmoja yanajuana. Yakamfungia milango yote. Siku hizi anamshonea mke wangu na majirani mapazia, na mishono yake imenyooka kama mstari wa rula, na haimlipi hata kodi ya chumba.

Mimi nimebaki. Nina watoto wanaosoma. Kila asubuhi naingia stoo nikijidharau kidogo, kisha lori linakuja na nasahau, kisha nakumbuka.

Mwisho wa mwezi juzi, Tajiri alitoka ofisini kwake na orodha iliyochapwa mkononi. Alikuwa anatabasamu. Watu wa kodi wameshapita, hawakukuta neno kwenye ankara mpya.

"Mnaona?" alituambia akiigonga orodha kwa kidole. "Tangu yule mama aondoke, hakuna pengo hata moja. Hata moja!"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Kiredio, ambaye siku zote ana la kusema, alitazama chini.

"Ni mfumo, Tajiri," nikasema. "Fundi aliubadilisha siku ile ile. Muulize Fundi."

"Ndiyo, ndiyo, mfumo," Tajiri alisema, akanipiga bega kwa upole, kama mtu anayemstahi mfiwa. Hapo nilitamani kumrushia pakiti ya misumari usoni. Nikarudi nyuma kwenye mabomba yangu.

Jioni Shemeji alikuwa kwetu na mapazia ya mke wangu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, uzi mdomoni, na jikoni nilisikia vijiko vimetulia, alikuwa ameshavipanga. Hajawahi kuniuliza habari za kazini tangu atoke. Siku hiyo akauliza.

"Namba zinaendaje, Shemeji?"

"Zinafuatana."

"Zote?"

"Zote. Hazijaruka hata moja."

Akautoa uzi mdomoni. Uso wake uling'aa jinsi ambavyo sikuwa nimeuona kwa muda mrefu, na mke wangu akasimama mlangoni na beseni lake kumtazama.

"Basi wameshaona," alisema. "Si umeniambia haziruki? Sasa wanajua kwamba haikuwa mimi."

Mke wangu alinitazama. Nikamwambia Shemeji chai inapoa, anywe.